iPhone mkononi, Windows mezani: picha za nyumbani ziwekwe iCloud, OneDrive au Google?

Nyumba yenye simu ya iPhone na kompyuta ya Windows hupata shida moja ambayo haionekani mapema. Simu inapeleka vitu iCloud, kompyuta inapeleka OneDrive, na akaunti ya Gmail ilishaleta Google Photos tangu zamani. Kila moja inajiwasha karibu bila kuulizwa. Baada ya mwaka, picha zilezile zimepandishwa mara mbili tatu kwa bando lilelile, nafasi za bure zote zimejaa, na bado hakuna sehemu hata moja yenye picha zote.

Ulinganisho huu unahusu zaidi picha na video, kwa sababu ndizo zinazojaza nafasi. Nyaraka tutazigusa kwa kifupi, maana kwa nyaraka jibu ni jepesi.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Makorora, Tanga mjini. Mama ni fundi cherehani, ana iPhone ya GB 128 anayopigia picha mishono na video fupi za kuwaonyesha wateja. Baba ni mwalimu, na kompyuta ya Windows 11 ya hapo nyumbani ndiyo anayotungia mitihani. Mtoto aliye kidato cha tatu anaitumia hiyohiyo kwa kazi za shule. Ukifungua Settings > General > iPhone Storage kwenye simu ya mama, Photos imechukua GB 43. Ukifungua WhatsApp, kwenye Settings > Chats > Chat Backup, nakala ya mazungumzo ni GB 6. Namba hizi mbili ndizo za kuanza nazo katika nyumba yoyote, kabla ya kutazama bei ya kitu chochote.

| | iCloud | OneDrive | Google |
|---|---|---|---|
| Nafasi ya bure | GB 5 | GB 5 | GB 15 (pamoja na Gmail) |
| Kifurushi kidogo cha kulipia | GB 50 | GB 100 | GB 100 |
| Kwenye iPhone | Imo ndani ya simu | Programu ya kupakua | Programu ya kupakua |
| Picha kwenye Windows | Folda, baada ya kuweka programu | Folda ya kawaida | Kivinjari tu |

Kwa bei za Marekani, GB 50 za iCloud ni dola 0.99 kwa mwezi na GB 200 ni dola 2.99. GB 100 za OneDrive, kupitia kifurushi cha Microsoft 365 Basic, ni dola 1.99. Bei ya akaunti ya Tanzania isome kwenye skrini yako kabla hujathibitisha malipo.

iCloud: simu haina shida, kazi iko kwenye kompyuta

Uzuri wa iCloud ni kwamba ni sehemu ya simu yenyewe. Hakuna programu ya kukumbuka kufungua. Ukiwasha iCloud Photos (Settings > Photos, au Settings > Apps > Photos kuanzia iOS 18), picha zinapanda zenyewe simu ikiwa kwenye Wi-Fi, na hupanda vizuri zaidi ikiwa imechomekwa chaji. Ukiona zimesimama, angalia kwanza kama Low Power Mode au Low Data Mode imewashwa. Zote mbili husimamisha upandishaji.

Kwenye Windows, fungua Microsoft Store, tafuta iCloud ya Apple, uipakue. Utaingia kwa Apple Account ileile ya simu, na namba ya tarakimu sita itatokea kwenye skrini ya iPhone. Kwa hiyo mwenye simu awepo karibu wakati wa kuweka. Chagua iCloud Photos, na ukitaka, iCloud Drive na nywila. Baada ya hapo folda ya iCloud Photos itaonekana upande wa kushoto wa File Explorer, na kwenye Windows 11 picha zitaonekana pia ndani ya programu ya Photos.

Watu wengi huishia hapo wakidhani picha sasa ziko kwenye kompyuta. Haziko. Zinazoonekana ni majina na vijipicha vyenye alama ya wingu, na picha halisi inashuka pale unapoifungua. Hiyo ni faida kwenye kompyuta yenye diski ndogo, lakini intaneti ikikatika hufungui kitu. Picha unazozihitaji kila siku, bofya folda au picha kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague Always keep on this device. Alama ya wingu itageuka duara la kijani lenye tiki. Ukitaka kurudisha nafasi, chagua Free up space palepale.

Mapungufu yake kwenye Windows ni ya kweli. Albamu ulizopanga kwenye simu hazitokei kama folda. Utakuta picha zote zimemwagwa pamoja, na kupata albamu inabidi uingie iCloud.com kwa kivinjari. Vilevile folda ile si ghala la pembeni: ni picha zilezile za simu. Ukifuta hapa, zinafutika na kule, zikabaki siku 30 kwenye Recently Deleted kisha zikaondoka moja kwa moja.

Ndiyo maana kompyuta ya familia inahitaji tahadhari ambayo kompyuta ya mtu mmoja haihitaji. Kama baba, mama na mtoto wote wanatumia akaunti moja ya Windows, mtoto anayesafisha kompyuta ili apate nafasi ya somo lake anaweza kufuta picha za mishono ya miaka mitatu bila kujua. Fungua Settings > Accounts > Other users, tengeneza akaunti ya kila mmoja, na iCloud ya mama iingizwe kwenye akaunti ya mama peke yake. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo hatua tunayoisisitiza kuliko zote kwa kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

OneDrive: imo kwenye Windows, inasinzia kwenye simu

Kwa OneDrive mambo yamegeuka. Kwenye Windows iko tayari, na picha zinazotoka kwenye simu zinaingia kama faili za kawaida kwenye folda ya kawaida. Unaweza kuzipanga kwa majina ya wateja, kuzihamisha, kuzinakili kwenye fleshi. Kwa anayefanya kazi mezani, hakuna iliyo rahisi zaidi.

Tabu iko kwenye iPhone. Mfumo wa Apple hauziachi programu za wengine zifanye kazi muda mrefu zikiwa nyuma ya skrini. OneDrive inajaribu kulizunguka hilo kwa kuomba ruhusa ya mahali ulipo ya Always: simu inapohama mahali, programu inaamshwa kidogo na kupandisha picha chache. Ukiinyima ruhusa hiyo, Camera backup itaendelea pale tu utakapoifungua programu. Kwa hiyo ukiona picha za jana hazipo kwenye kompyuta, usianze kuhangaika na kompyuta. Fungua OneDrive kwenye simu, uiache wazi skrini ikiwa inawaka, utaona zinaanza kupanda. Kwa mzigo wa kwanza wa GB 43, hii maana yake ni simu kukaa wazi kwenye chaji kwa saa nyingi.

Upande wa Windows kuna mtego wa GB 5. Kompyuta mpya ikiwashwa mara ya kwanza, mara nyingi inaingiza Desktop, Documents na Pictures ndani ya OneDrive. Nafasi inajaa kabla hata picha moja ya simu haijafika. Dalili yake ni alama nyekundu kwenye kiwingu cha OneDrive karibu na saa, na ikiwa barua pepe yako ni ya Outlook.com, inaweza kuacha kupokea ujumbe, kwa sababu viambatisho vyake vinahesabiwa kwenye nafasi hiyohiyo.

Kuizima: bofya kiwingu, kisha alama ya gia, Settings, Sync and backup, Manage backup, uzime Pictures na Desktop. Usishtuke Desktop ikionekana tupu baada ya hapo. Faili hazijapotea, zimebaki kwenye folda ya Desktop iliyo ndani ya OneDrive, na unaziburuta kuzirudisha mahali pake.

Google Photos: nafasi kubwa ya bure, kompyuta inabaki kivinjarini

Google inatoa GB 15 bure, lakini Gmail, Drive na Photos wanagawana hizo hizo. Ukichagua Storage saver badala ya Original quality, picha zinazozidi megapikseli 16 hupunguzwa na video zinazozidi 1080p hushushwa hadi 1080p. Kwa picha za kuonyesha kwenye simu hutaona tofauti kubwa. Kwa fundi anayetaka kuchapisha bango la duka, abaki na Original quality.

Kwenye Windows, Google Photos inafunguliwa kwa kivinjari. Picha moja moja hakuna neno, ila ukichagua nyingi na kuzipakua, zinakuja kama faili moja la zip la kufungua. Na tangu Julai 2019 Google Photos na Google Drive zimetenganishwa: ukiweka Google Drive ya kompyuta ukapata diski ya G:, picha za simu hazimo humo. Watu huzitafuta sana huko bure.

Tunaipendekeza Google mahali pamoja waziwazi: nyumba ambayo mmoja ana iPhone na mwingine ana simu ya Android. Hapo iCloud itamwacha mwenye Android nje.

Mitego miwili inayotokea ukiwasha huduma mbili kwa pamoja

Wa kwanza ndio wenye hasara kubwa. Mtu ana iCloud Photos, kisha anaweka Google Photos kama akiba. Google inamwambia picha zimehifadhiwa, abonyeze Free up space apate nafasi kwenye simu. Anabonyeza. Kitufe kile kinafuta picha kwenye maktaba ya simu, na kwa kuwa maktaba hiyo imeunganishwa na iCloud, zinafutika iCloud na kwenye folda ya Windows pia. Amebaki na nakala ya Google peke yake, na kama ilikuwa Storage saver, zile kubwa za asili zimeondoka. Ukigundua ndani ya siku 30, fungua Recently Deleted kwenye simu uzirudishe mara moja.

Wa pili unakula bando. iCloud ikiwa kwenye Optimise iPhone Storage, simu inabaki na picha ndogo huku za asili zikiwa mtandaoni. Ukiwasha Google au OneDrive baadaye, kila picha lazima ishuke kwanza kutoka iCloud ndipo ipande kule kwingine. GB 43 zinakuwa karibu GB 86 za kushusha na kupandisha. Mpangilio huohuo ndio unaofanya waya wa USB uonekane mbovu: unachomeka simu kwenye kompyuta, unafungua folda ya DCIM, unakuta picha chache tu. Waya ni mzima. Picha nyingine hazimo kwenye simu, na hazitaonekana mpaka uchague Download and Keep Originals, zishuke zote, ndipo uchomeke tena.

Nyumba ya Makorora ichukue ipi?

Tupige hesabu yao. Picha GB 43 na WhatsApp GB 6 ni GB 49. Kifurushi cha GB 50 kinatosha kwa hesabu ya leo na kitajaa ndani ya wiki chache, kwa sababu video ya 1080p kwa fremu 30 inachukua takriban MB 60 kwa dakika, na ya 4K kwa fremu 30 takriban MB 170. Namba hizo zimeandikwa kwenye simu yenyewe, Settings > Camera > Record Video. Kwa hiyo ama mama achukue GB 200, ama apunguze kwanza. Video za kuwatumia wateja kwa WhatsApp hazihitaji 4K; akirudi 1080p na kufuta marudio, GB 50 zinaweza kumfaa kwa muda, lakini sisi tungechukua GB 200 na kuziweka kwenye Family Sharing, inayoruhusu watu sita kugawana. Kila mmoja anakuwa na akaunti yake, na picha za mmoja hazionekani kwa mwingine.

Hivyo picha zikae iCloud, kwa sababu anayezipiga ni mwenye simu, na kitu kisichohitaji kukumbukwa ndicho kitakachofanya kazi siku ya hekaheka za mishono ya sikukuu. OneDrive ibaki na nyaraka za baba na za mtoto. GB 5 za bure zinatosha Word na Excel kwa miaka ikiwa Pictures imezimwa. Programu ya OneDrive iwekwe kwenye simu ya mama pia kama anahitaji kufungua orodha ya vipimo, ila Camera backup yake ibaki imezimwa. Google ibaki ya barua pepe. Kama baba ndiye angekuwa anapiga picha na kuzihariri kila siku kwenye kompyuta, tungeigeuza: OneDrive ya GB 100, iCloud Photos izimwe.

Mzigo wa kwanza usipandishwe kwa bando la simu. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 4 kwa sekunde, GB 43 ni takriban saa 24 za mfululizo. Tafuteni Wi-Fi isiyo na kikomo, iwe ya nyumbani au ya ofisini kwa ruhusa, muache simu kwenye chaji usiku mbili tatu. Kwenye mipangilio ya Photos zima Mobile Data mpaka kazi iishe.

Halafu kuna siku ile intaneti ya nyumbani haipo na baba anachukua intaneti ya simu ya mama kwa Personal Hotspot. Kompyuta haijui kwamba hilo ni bando. Inaona Wi-Fi tu, na OneDrive, iCloud na masasisho ya Windows yote yanaanza kazi. Mara ya kwanza mkiunganisha, fungueni Settings > Network & internet > Wi-Fi, jina la simu, muwashe Metered connection. OneDrive itajisimamisha yenyewe kwenye mtandao huo. Windows hukumbuka mpangilio huu kwa jina la mtandao, kwa hiyo mkibadilisha jina la simu, mtauweka upya.

Picha imefika, haifunguki

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hupiga picha za muundo wa faili uitwao HEIC. Ukizinakili kwenye fleshi ukapeleka steshenari ya Ngamiani kuchapisha, kompyuta ya pale inaweza kukataa kuzifungua. Kwenye kompyuta yako, pakua HEIF Image Extensions kwenye Microsoft Store, ni bure. HEVC Video Extensions, zinazohitajika kwa video na mara nyingi kwa picha za HEIC zenyewe, zinalipiwa. Lakini kompyuta ya steshenari si yako, hivyo ukitaka kumaliza tatizo kwenye chanzo, Settings > Camera > Formats, chagua Most Compatible. Kuanzia hapo picha mpya zitakuwa JPEG, na kila moja itakuwa kubwa zaidi, wakati mwingine karibu mara mbili. Zilizopita hazibadiliki. Kwa hizo, zifungue kwenye programu ya Photos ya Windows uchague Save as na .jpg.

WhatsApp na nakala ya simu nzima

Hata ukiamua kila kitu chako kikae Google au OneDrive, WhatsApp ya iPhone haina chaguo hilo: nakala yake inaenda iCloud tu. Kwa mama huyu, ambaye oda zote ziko WhatsApp, GB 6 haziingii kwenye GB 5 za bure, na nakala itakuwa inashindikana kila usiku. Asipotaka kulipia iCloud, azime video kwenye Chat Backup kwanza aone kama inashuka chini ya GB 5.

Nakala ya simu nzima tunashauri iwekwe kwenye kompyuta, si mtandaoni, maana haili bando kabisa. Pakua Apple Devices kwenye Microsoft Store, chomeka simu kwa waya, gusa Trust kwenye skrini, kisha chagua kuhifadhi nakala yote kwenye kompyuta hii na utie tiki Encrypt local backup. Bila tiki hiyo nywila zilizohifadhiwa na data za afya haziingii. Hakikisha kwanza diski ya C: ina nafasi inayozidi ukubwa wa vitu vilivyo kwenye simu, la sivyo nakala inakatika katikati na kuleta ujumbe wa kosa. Nywila utakayoweka hapo iandikwe kwenye karatasi na kufungiwa kabatini: ukiisahau, Apple haiwezi kukufungulia nakala hiyo, na utalazimika kutengeneza nyingine mpya kutoka kwenye simu, kama simu bado unayo.